Mfasiri Anapodaiwa Jinsia Ambayo Shahidi Hakuitaja

Tuseme mtu amefika kituo cha polisi na kuandikisha maelezo haya: “Jirani yangu alikuja jioni akaniambia mdogo wake anaumwa. Nikampa simu ampigie daktari. Akaondoka nayo, na hadi leo hajairudisha.” Kwa msikilizaji wa Kiswahili, habari imekamilika. Mfasiri anayeyapeleka maelezo hayo kwenye Kiingereza ndiye anayekwama. Na kazi ya namna hiyo ni ya kila siku: Kenya, mashahidi wengi huzungumza Kiswahili huku kumbukumbu za mahakama zikiandikwa kwa Kiingereza, na Tanzania ndivyo ilivyokuwa katika mahakama nyingi kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2021.

Kinachomkwamisha ni viambishi vidogo. “A-” katika “alikuja”, “-m-” katika “nikampa” na “-ake” katika “mdogo wake” vinataja mtu bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinataka achague kati ya “he” na “she”, na kila mara jirani anapotajwa anadaiwa upya.

Wengi huchagua kwa mazoea. Aliyetuhumiwa kuondoka na simu huandikwa kuwa mwanamume. Angekuwa nesi au mfanyakazi wa ndani, angeandikwa mwanamke. Madhara huonekana siku ya kesi. Shahidi anasema kizimbani kwamba jirani huyo ni mwanamke, na wakili wa utetezi anamwonyesha karatasi inayosema ni mwanamume. Shahidi anaonekana kigeugeu kwa neno ambalo halikutoka kinywani mwake.

Kwa hiyo mfasiri makini husoma maelezo yote hadi mwisho kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Jawabu mara nyingi limo humo humo. Ukurasa wa pili ukisema jirani “ameolewa Tanga”, suala limekwisha, maana kwa matumizi ya kawaida mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwanamke akimtaja “wifi yangu”, anamtaja mwanamke mwenzake. “Mama Neema” naye hana utata. Lakini si kila neno la ukoo linasaidia: shemeji, ndugu, binamu, mkwe na mchumba anaweza kuwa wa jinsia yoyote. Vyeo kama Mwalimu, Dokta na Mheshimiwa ni vivyo hivyo. Hata majina yana mipaka. Asha na Juma hayana shaka, ila Imani au Furaha hayatoshi kuwa ushahidi.

Asipopata jawabu, humuuliza aliyeandika maelezo au aliyeyatoa. Swali moja fupi linatosha, na ni bora kuliko kubahatisha.

Kuna nyakati hakuna wa kuuliza. Hapo hubadili muundo wa sentensi bila kugusa maana. Badala ya kiwakilishi, hurudia nomino: jirani akaja, nikampa jirani simu, jirani akaondoka. Kiingereza kinaruhusu pia “they” kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haijulikani, lakini katika maelezo ya polisi lina hatari yake: msomaji anaweza kudhani jirani na mdogo wake waliondoka na simu pamoja. Kurudia nomino hakupendezi sikioni, ila hakumwongezi mtu wala kumpunguza. Kisha huweka tanbihi fupi kwamba maelezo ya Kiswahili hayaonyeshi jinsia ya jirani wala ya mdogo wake.

Mbinu hiyo haifai kila lugha. Katika Kifaransa, nomino yenyewe ya jirani ina umbo la kiume na la kike, hivyo kuirudia hakusaidii kitu. Kwa upande mwingine, neno la Kifaransa la “yake” hufuata jinsia ya kinachomilikiwa, si ya mwenyewe. Katika “nyumba yake” jinsia ya mwenye nyumba hubaki imefichika. Kiarabu kinadai zaidi, kwa sababu hata kitenzi “alikuja” hubadilika kulingana na aliyekuja, na anayeambiwa “njoo” lazima ajulikane kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa lugha hizo, njia salama ni kuuliza. Ikishindikana, tanbihi iseme wazi kwamba umbo lililotumika limechaguliwa na mfasiri.

Tatizo hili hupungua likianza kutatuliwa mezani pa anayeandika maelezo. Anayejua kwamba karatasi yake inaweza kufika mbele ya hakimu kwa lugha nyingine aulize mapema, na aandike “jirani yangu, mwanamke” pale mtu anapotajwa mara ya kwanza. Neno hilo moja litakuwa limetoka kwa shahidi mwenyewe, na hakuna mfasiri atakayelazimika kumsemea.