Mbona ukurasa wa nyuma umetoka kichwa chini? Soma hii kabla hujachapisha programu 200

Tuseme mazishi ya kukhu ni Jumamosi, na wewe ndiye kijana wa kompyuta kwa familia. Alhamisi jioni unatumwa kutoka Shieywe uende tao Kakamega kuchapisha programu. Kurasa 8, picha ya kukhu mbele, ratiba ndani, wasifu na shukrani. Nakala 200. Saiba inatoza, kwa mfano, shilingi 5 kwa kila upande wa karatasi. Kila programu ni karatasi 2 za A4 zilizokunjwa katikati, yaani pande 4, yaani shilingi 20. Jumla shilingi 4,000, na hizo ni pesa za mchango.

Sasa fikiria unafungua ile ya kwanza na kurasa za ndani ziko kichwa chini. Na si hayo tu. Mgongoni mwa ukurasa wa 1, mahali unapotarajia ukurasa wa 2, kumekaa ukurasa wa 7 uliopinduka.

Wengi hapo husema printa imeharibika. Haijaharibika. Imefanya kile ilichoambiwa. Shida ni sehemu moja ndogo kwenye skrini ambayo watu hupita bila kuisoma: "Flip on long edge" au "Flip on short edge".

Wacha tuanze na kinachotokea ndani ya printa. Kwenye printa nyingi za A4, karatasi huingia ikitanguliza ule ukingo mfupi. Inachapishwa upande wa kwanza, inachungulia nje kidogo, halafu rola zinabadili mwelekeo na kuivuta irudi ndani. Ukiwa umesimama hapo utaiona ikitoka nusu kisha ikirudi, kama mtu aliyesahau simu kwa nyumba. Ikirudi, mkia ndio unatangulia. Kilichokuwa chini sasa kiko mbele.

Printa haina njia ya pili ya kugeuza karatasi. Inaigeuza vilevile kila siku. Kinachobadilika ni picha ya ukurasa wa nyuma: ama inachapishwa ilivyo, ama inazungushwa nyuzi 180 kwanza. Ile chaguo ya "long" na "short" kazi yake ni hiyo tu. Ukichagua isiyofaa, unapata mzunguko ambao hukuutaka, ama unakosa ule uliouhitaji.

Basi utajuaje ya kuchagua? Usiulize printa, uliza mkono wako. Chukua karatasi tupu ya A4. Kingo zake ndefu ni milimita 297 na fupi ni milimita 210. Ishike vile msomaji ataishika, kisha ifunue vile atakavyoifunua. Kuna ukingo mmoja ambao hautahama, ule wa kupigwa stepla au ule ulio sambamba na mkunjo. Kama ni mrefu, chagua "long edge". Kama ni mfupi, chagua "short edge".

Jaribu na projekti ya chuo. Karatasi imesimama wima, stepla kushoto, unafunua kama kitabu. Ukingo wa kushoto ni ule mrefu. Kwa hiyo "long edge", na ndiyo maana wanafunzi wa Masinde Muliro wanaweza kuchapisha ripoti muhula mzima bila kugusa chochote, kwa sababu mara nyingi mashine huwa imewekwa hivyo tayari. Lakini karatasi hiyohiyo ukiifunga juu, kama kalenda ya ukutani, unaifunua kwenda juu. Ukingo wa juu ni mfupi. Hapo ni "short edge".

Sasa rudi kwa programu ya kukhu. Hii ndiyo huchanganya watu. Programu ikishakunjwa inaonekana wima, ni saizi ya A5, kwa hivyo unadhani ni kama projekti. Lakini printa haijui mkunjo wako. Inachoona ni A4 iliyolala, kurasa mbili ubavu kwa ubavu. Karatasi ya kwanza upande wa nje ina ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia. Upande wa ndani ina wa 2 kushoto na wa 7 kulia. Karatasi ya pili ina wa 6 na wa 3 nje, kisha wa 4 na wa 5 ndani.

Ilaze hiyo A4 na uifunue kama kitabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Kingo zilizosimama pembeni ni zipi? Ni zile fupi, na mkunjo uko sambamba nazo. Basi programu inayokunjwa ni "short edge". Ukiiacha kwenye "long edge", upande mzima wa ndani unazungushwa nyuzi 180. Maneno yanapinduka, na pia kushoto kunakuwa kulia. Ndiyo maana wa 7 unatua mgongoni mwa wa 1.

Kuna tofauti ya kujua hapa. Projekti ikitoka vibaya unaweza kuiokoa: ifunge juu badala ya kushoto, itasomeka sawa. Programu haiokoki. Hakuna namna ya kuikunja itakayonyoosha kurasa za ndani.

Majina nayo hubadilika. Kwenye Word utaona "Flip pages on short edge" chini ya "Print on Both Sides". Printa nyingi za HP zina kisanduku cha "Flip Pages Up", ambacho kinataja mwendo wa mkono badala ya ukingo: kufunua kwenda juu, kama kalenda. Programu yetu haifunuliwi kwenda juu, kwa hiyo hicho kisanduku usikitie alama. Kwa wale wa Linux, amri ni hii:

```
lp -o sides=two-sided-short-edge programu.pdf
```

Tahadhari nyingine ni kuhusu "Booklet", ile inayopanga kurasa za kijitabu yenyewe. Iko kwenye Adobe Reader, na pia kwenye mipangilio ya baadhi ya printa. Iwashe mahali pamoja tu. Ukiiwasha kote kuwili, kurasa ambazo zimeshapangwa zitapangwa tena na utapata vurugu.

Na hata kama una uhakika, usianze na 200. Chapisha nakala moja, karatasi 2, shilingi 20. Ikunje, ingiza moja ndani ya nyingine, kisha uifunue kuanzia 1 hadi 8 kama mgeni aliyekaa chini ya hema. Kama kurasa za ndani zimepinduka, hamia ile chaguo nyingine na ujaribu tena. Kama ziko wima lakini namba hazifuatani, usiguse "flip". Tatizo liko kwenye upangaji wa kurasa.

Ukifika kaunta, usiseme tu "nichapishie pande mbili." Sema, "Boss, ni ya kukunja katikati, weka short edge, nitolee moja kwanza." Nakala 199 zilizobaki zisubiri mpaka uone hiyo moja.