Transfoma ya Chaja Inayofanya Kazi kwa Zamu

Ukifungua chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2, utaona kidude cha mraba kilichozungushiwa utepe, mara nyingi wa manjano. Mafundi hukiita transfoma, na ukikitazama huwezi kuwabishia: ni koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha feraiti. Ila haifanyi kazi kama transfoma ya redio ya zamani. Katika ile ya redio, koili zote mbili hupitisha umeme kwa pamoja, kinachoingia huku kikitoka kule papo hapo. Ndani ya chaja, moja inapofanya kazi nyingine hungoja. Saketi ya namna hii inaitwa flaibaki.

Umeme wa ukutani wa volti 230 hupita kwanza kwenye dayodi nne na kapasita, ukageuka kuwa mkondo mnyoofu wa volti 325 hivi. Baada ya hapo kuna transista inayotumika kama swichi. Ikifunguliwa njia, mkondo huingia koili ya kwanza, lakini hauingii kwa kishindo. Hupanda taratibu kuanzia sifuri. Upande wa pili dayodi imepangwa kwa mwelekeo unaozuia, kwa hiyo hakuna kinachotoka. Nishati inayoingia hubaki kwenye kiini ikiwa uga wa sumaku. Transista ikikata, uga huo huanza kuporomoka, volti za koili hugeuka mwelekeo, dayodi ya upande wa pili huruhusu, na akiba yote humiminika kwenye kapasita ya kutolea. Ni kama kuchota maji mtungini kwa kata na kuyamimina kwenye bilauri: mtungi na bilauri havigusani hata mara moja.

Tuchukue chaja yetu. Inatoa wati 10, na tukikadiria kwamba sehemu ya tano ya umeme inapotea njiani kama joto, inabidi ivute wati 12.5. Transista yake, tuseme, inawaka na kuzima mara 65,000 kwa sekunde. Gawanya, utapata kwamba kila mchoto unabeba jouli 0.0002 tu. Kama koili ya kwanza ina milihenri 1, mkondo unahitaji kufika ampea 0.62 tu kuhifadhi kiasi hicho, na kwa volti 325 unafika hapo kwa takriban sehemu 2 za milioni ya sekunde. Udogo wa mchoto ndio unaoruhusu kidude kutoshea ndani ya plagi. Transfoma ya umeme wa ukutani wenyewe, wenye mizunguko 50 tu kwa sekunde, ingekuwa kipande kizito cha chuma kwa wati hizo hizo.

Jambo linalonivutia zaidi ni ufa. Vipande viwili vya feraiti havigusani sawasawa. Katikati huachwa nafasi ndogo, sehemu ya milimita tu. Mtu angedhani ni kasoro ya kiwandani, kumbe sehemu kubwa ya nishati hukaa humo, hewani, wala si kwenye feraiti. Feraiti hushiba sumaku upesi, na ikishashiba koili haiwezi tena kuuzuia mkondo usipande ghafla. Fundi anayesaga kiini kilichovunjika na kukibandika bila kuacha ufa atawasha chaja, na transista inaweza kupasuka.

Kwa kuwa koili haziunganiki kwa waya, umeme wa ukutani haukufikii. Usalama huo unategemea utepe, waya wenye tabaka kadhaa za kuhami, na nafasi ya milimita 6 hivi kwenye bodi kati ya pande mbili. Chaja za bandia hubania hapo, kwa sababu mnunuzi haoni: koili ya pili huzungushwa kwa waya wa kawaida, na nafasi kwenye bodi hubaki milimita moja au mbili. Simu itachajiwa vizuri tu, hadi siku unyevu au radi itakapovuka.

Kuna mnyeso mdogo ambao wengi huusikia wakigusa kompyuta ya bati huku inachajiwa. Mara nyingi huo si uvujaji wa hitilafu. Kati ya pande mbili huwekwa kapasita ndogo maalumu ya kunyamazisha kelele za redio, nayo hupitisha mkondo usiofika robo ya miliampea. Ukipigwa kweli badala ya kunyeswa, chaja hiyo haifai tena.

Chaja ikitoa mlio wa tik-tik huku taa ikiwaka na kuzima, usianze na transfoma. Saketi ya udhibiti inajaribu kuwaka, inakuta mzigo umezidi, inazima, inajaribu tena. Mara nyingi dayodi ya kutolea imeungana ndani, ipime kwanza.