MBWA ALIYEPOTEA: KAZI YA SIKU YA KWANZA, KIBATI CHA SHINGONI NA CHIPU

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaofuga mbwa kwa ulinzi wa nyumba, mashamba na sehemu za biashara wanaarifiwa kwamba makala haya yanaeleza utaratibu wa kufuatwa pale mbwa anapopotea, hususan katika saa ishirini na nne za mwanzo. Yanaeleza pia tofauti iliyopo baina ya kibati cha shingoni na chipu ya utambulisho, kwani wengi huvichanganya vitu hivi viwili, na baadhi ya wenye mbwa hukaa majumbani wakidhani kwamba chipu itawaonesha mnyama alipo.

Chipu haioneshi mahali. Ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, urefu wake unakaribia milimita 12, kilichofunikwa kwa kigae na kutiwa kwa sindano chini ya ngozi, katikati ya mabega ya mbwa. Hakina betri na hakitoi mawimbi kwa nguvu zake. Hubaki kimya miaka yote mpaka mashine ya kusomea ipitishwe juu yake kwa umbali wa vidole vichache. Hapo ndipo kinapojibu kwa kutoa nambari yenye tarakimu 15. Nambari hiyo haina jina la mtu wala simu ndani yake. Jina na simu vimo katika daftari la usajili, na daftari hilo linaweza kuwa katika nchi nyengine kabisa.

Kibati cha shingoni, kwa upande wake, husomwa na yeyote mwenye macho. Hakihitaji mashine wala ofisi iliyo wazi. Ndiyo maana katika siku ya kwanza, na hasa usiku au siku ya mapumziko, kibati hufanya kazi ambayo chipu haiwezi. Udhaifu wake ni kwamba hukatika, hufutika maandishi, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kukivua. Chipu haivuliki, kazi yake kubwa huja baadaye, pale inapotakiwa kuthibitishwa mbwa ni wa nani.

Katika visiwa vyetu liko jambo jengine la kuzingatiwa. Aghalabu raia atakayemuona mbwa huyo hatamgusa. Wapo wanaomuogopa, na wapo wanaojiepusha na mate yake kwa sababu ya tohara, kwani aliyefikwa na najisi hiyo hulazimika kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Haifai basi kumtarajia jirani ashike shingo ya mbwa na kupindua kibati kidogo ili asome maandishi yake. Nambari ya simu na iandikwe kwa tarakimu kubwa juu ya ukanda wenyewe wa shingo, kwa wino usiofutika au kwa uzi wa kudarizi, na ukanda uwe wa rangi inayoonekana kwa mbali, kama vile nyekundu au ya machungwa. Mtu aliyesimama hatua tatu aweze kusoma na kupiga simu. Jina la mbwa si lazima, na nafasi ni ndogo. Nambari mbili za simu zina faida zaidi.

Ili utaratibu ufahamike vyema, ichukuliwe kwamba mtumishi mmoja anaishi Mbweni na amemrithi mbwa kutoka kwa familia ya kigeni iliyomaliza mkataba wa kazi na kurejea Uingereza. Mbwa huyo aliletwa kutoka huko akiwa na chipu, kwa kuwa huko Uingereza sheria imewalazimisha wenye mbwa kuwatia chipu tangu tarehe 6 Aprili, 2016. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, katika mkesha wa Sherehe za Mapinduzi, fashifashi zinarushwa saa sita. Mbwa anashtuka, anaruka ukuta na kutokomea. Shingoni hana kitu, kwa sababu ukanda huvuliwa usiku.

Jambo la kwanza ni kujua pale alipoonekana mara ya mwisho na upande aliokimbilia. Mlinzi wa nyumba ya jirani aulizwe usiku huo huo, maana asubuhi zamu itabadilika na habari itaondoka naye. Mtu mmoja abakie nyumbani na lango liachwe wazi, kwani mbwa wengi hurejea wenyewe kelele zinapotulia, na akilikuta lango limefungwa huondoka tena. Kitambaa anacholalia kiwekwe karibu na lango pamoja na maji. Wawili waliobaki wazunguke kwa miguu, polepole, wakiangalia chini ya magari, ndani ya majengo yasiyokwisha, kwenye mitaro na vichakani. Mwanga wa tochi ukipita sawa na macho ya mtafutaji hurudishwa na macho ya mbwa, hivyo anaweza kuonekana kizani hata akiwa amelala kimya.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Watu humuona mbwa, humwita kwa sauti na kumkimbilia. Mbwa aliyetishika hamtambui mwenyewe kwa urahisi. Kwake kila anayemjia mbio ni adui, na akishafukuzwa mara moja atakwenda mbali zaidi, pengine hadi barabara kuu. Linalofaa ni kusimama, kisha kukaa au kuchutama chini kwa ubavu, bila ya kumkazia macho, na kutupa vipande vya chakula chenye harufu, kama vile dagaa au nyama ya kukaanga. Mwenye mbwa azungumze kwa sauti ya kawaida anayoitumia nyumbani. Kazi hii huweza kuchukua saa nzima. Watoto wa mtaa waombwe mapema kwamba wakimuona waje kusema tu. Zawadi na itolewe kwa habari, isiwe kwa kumkamata, kwani ahadi ya fedha kwa atakayemkamata huleta kundi la vijana na marungu.

Kukipambazuka, apelekewe habari Sheha wa shehia hiyo na masheha wa shehia jirani. Kwa mfano huu, upande wa Chukwani na upande wa Mazizini. Kituo cha polisi kilicho karibu nacho kiarifiwe, pamoja na ofisi ya mifugo ya wilaya na madaktari wa mifugo wa binafsi. Katika joto la mchana wa Januari mbwa hujificha kivulini na haonekani, hivyo saa za kutafuta ni alfajiri na baada ya alasiri, na mchana utumiwe kwa matangazo. Tangazo litundikwe madukani na vituo vya daladala na lipelekwe katika makundi ya simu ya mtaa. Liwe na picha moja kubwa, maneno "Amepotea, usimfukuze, usimguse, piga simu," mahali na saa alipoonekana, na nambari ya simu. Alama moja ya mwili isitajwe, mathalan kovu la mguu wa nyuma. Atakayepiga simu akidai kwamba anaye mbwa na kutaka atumiwe fedha kwanza, aulizwe alama hiyo.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionesha kwamba karibu nusu ya mbwa waliopatikana walipatikana kwa wenyewe kuzunguka mtaani, na 15 katika kila 100 kwa sababu ya kibati au chipu. Marekani si Unguja, lakini mpangilio wa kazi za siku ya kwanza unafuata hapo: miguu kwanza.

Turejee Mbweni. Jioni ya siku hiyo mbwa amezuiliwa katika ua wa nyumba moja ya wageni huko Chukwani, na mwenye nyumba hiyo anataka uthibitisho kabla ya kumtoa, jambo ambalo ni haki yake. Anaitwa daktari wa mifugo mwenye mashine. Mashine ipitishwe polepole baina ya mabega, kisha mbavuni na kushuka miguu ya mbele yote miwili, kwani chipu huweza kusogea mwilini kadiri miaka inavyopita. Ukanda wa chuma ukiwepo uondolewe kwanza, na betri ya mashine ikaguliwe. Mashine isiposoma kitu mara ya kwanza, hiyo si hoja ya kusema kwamba mbwa hana chipu. Ziko pia chipu za zamani, hasa kutoka Marekani, zinazotumia masafa tofauti na yale ya kimataifa ya kilohezi 134.2, nazo husomwa na baadhi ya mashine tu.

Nambari inapatikana. Tarakimu zake tatu za mwanzo huonesha ama nchi, kama 834 ambayo ni Tanzania, ama kiwanda kilichoitengeneza, na hizi za viwanda huanza na 9. Ya mbwa huyu inaanza na 9, hivyo haisemi nchi. Daftari linatafutwa kwa njia ya mtandao na linapatikana Uingereza. Jina lililomo ni la familia iliyoondoka, na simu iliyomo ni ya Zanzibar ambayo imekwishafungwa. Kwa mujibu wa daftari, mtumishi wa Mbweni si mwenye mbwa.

Hali hii si ya nadra. Katika uchunguzi wa vituo vya kuhifadhia wanyama vya Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, sababu iliyotajwa zaidi ya kushindwa kumpata mwenye mnyama aliye na chipu ilikuwa ni nambari ya simu iliyokosewa au iliyokwisha kufungwa.

Kinachomuokoa mtumishi huyu ni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iliyoandikwa jina lake pamoja na nambari ile ile ya chipu, na lile kovu ambalo hakulitangaza. Asiyekuwa na karatasi hizo atalazimika kuiandikia familia iliyoondoka na kusubiri. Kwa hiyo, anayepokea mbwa kutoka kwa mwengine na adai nambari ya chipu siku ile ile ya makabidhiano, na mwenye daftari wa awali afanye uhamisho wa jina kabla ya kusafiri. Simu ikibadilika, daftari nalo libadilishwe.

Iwapo wakati wa kutafuta au kumkamata mtu ameng'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa mbwa ana kadi ya chanjo. Mbwa mwenyewe naye akaguliwe majeraha, kwani huenda ameng'atana na mbwa wengine njiani. Likionekana jeraha lolote la meno, daktari wa mifugo ajulishwe kabla mbwa hajachanganywa na watoto nyumbani. Masheha na kituo cha polisi waarifiwe kwamba amepatikana, na matangazo yote yabanduliwe.