Usawazishe hisa zako lini?

Soko la Hisa la Dar es Salaam halina mikataba ya chaguo ya kujikinga na bei, hivyo ukitaka kurudisha uwiano unauza na kununua hisa zenyewe, na dalali hulipwa mara zote mbili. Tuseme una milioni 5 kwenye benki na milioni 5 kwenye saruji. Benki ikipanda asilimia 10, inashika asilimia 52 tu ya mtaji. Anayefuata kalenda atauza Desemba ikifika, alipe ada kwa marekebisho madogo. Aliyejiwekea mpaka wa asilimia 55 anatulia. Benki ikifika milioni 7, yaani asilimia 58, ndipo anahamisha milioni 1, kidogo kidogo, kwa oda yenye bei ya ukomo, maana wauzaji wa saruji huenda wakawa wachache. Kagua kila mwezi, uza mpaka unapovukwa tu.