Hidrojeni ya Siku Moja Angani

Vyombo vya anga vya Marekani vilivyoruka na kurudi kati ya 1981 na 2011, Columbia kikiwa cha kwanza, vilipata umeme wao kutoka mitambo mitatu ya seli za hidrojeni. Kila mtambo uliweza kutoa kilowati 7 mfululizo. Ndani yake hakuna kinachoungua: hidrojeni huingia upande mmoja na oksijeni upande wa pili, elektroni hupita kwenye waya kutoka upande wa hidrojeni, na mwisho wake ni maji.

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Tuseme mtambo mmoja unatoa kilowati 7 kwa saa 24, kwa volti 28. Seli zake zimeungwa kwa safu za seli 32, kwa hiyo kila seli hutoa volti 0.875. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: hugawa wati 7,000 kwa volti 28, wakapata ampea 250, wakaishia hapo. Lakini mkondo huo hupita katika seli zote 32 za safu, na kila seli hula hidrojeni yake. Kinachotakiwa ni kugawa wati 7,000 kwa 0.875, ambayo ni ampea 8,000.

Siku ina sekunde 86,400, hivyo chaji yote ni kulombi milioni 691.2. Moli moja ya hidrojeni hutoa moli mbili za elektroni, yaani kulombi 192,970. Ukigawanya unapata moli 3,582 hivi. Moli moja ina gramu 2.016, basi hidrojeni iliyotumika ni kilo 7.2. Oksijeni huhitajika nusu ya moli hizo, lakini kila moli yake ina gramu 32, kwa hiyo uzito wake unafika kilo 57.3. Maji yanayopatikana ni kilo 64.5, na wanaanga waliyanywa.

Ufanisi unasomwa kwenye volti ile ile. Kama nishati yote ya hidrojeni ingegeuka umeme, seli ingetoa volti 1.48, 0.875 ni asilimia 59 yake. Asilimia 41 inayobaki hutoka kama joto, ambalo lazima liondolewe. Wengine huacha kuhesabu joto linalotolewa mvuke unapogeuka maji, wakatumia volti 1.25, na seli hiyo hiyo ikaonekana na ufanisi wa asilimia 70. Anayetaja ufanisi bila kusema ametumia kipimo kipi amesema nusu tu.

Volti ikishuka, hidrojeni nyingi zaidi hutumika kwa umeme ule ule, na huenda seli inaharibika. Aprili 1997 tofauti ya volti ndani ya mtambo mmoja wa Columbia iliwatia wahandisi wasiwasi, mtambo ukazimwa, na safari iliyopangwa kuzidi wiki mbili ikakatishwa baada ya siku nne hivi. Wanaanga wale wale walirudi angani Julai mwaka huo.