Kulipia Kifurushi Ni Kununua Ruhusa

Jumamosi saa kumi na mbili jioni, wakati wa majira ya baridi huko Ulaya, mashabiki wa Dar es Salaam wanaangalia mechi ya Ligi Kuu ya England mubashara. Shabiki anayeishi mitaa miwili kutoka uwanja unaochezewa mechi hiyo haipati kwenye televisheni yake. Kwake ni saa tisa alasiri, na kanuni za UEFA zinakiruhusu kila chama cha soka kuteua saa mbili na nusu mwishoni mwa wiki ambapo mechi hazionyeshwi nchini mwake. England wameteua Jumamosi, kuanzia saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo. Zuio hilo lina mizizi katika miaka ya 1960, Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, alipowashawishi wenzake kwamba televisheni ingewabakiza watu nyumbani na kuziacha klabu ndogo na viti vitupu.

Inawezekanaje mechi ifike Dar na isifike jirani? Mawimbi ya setilaiti huangukia kila dishi lililo ndani ya eneo lake, la aliyelipa na la asiyelipa, lakini picha imefungwa. Kila king'amuzi kina namba yake, au ya kadi iliyochomekwa ndani. Ukilipa, kampuni hurusha kupitia setilaiti ujumbe mfupi unaoitaja namba hiyo na kusema ifungue chaneli zipi. Ndiyo maana mafundi husema lipa king'amuzi kikiwa kinawaka: kikiwa kimezimwa, ujumbe unapita bila kupokelewa, na hela imeshakatwa. Kiache kwenye chaneli mojawapo ya kifurushi chako kisubiri, kisha omba ujumbe urushwe tena. Kwa watumiaji wa DStv, E16 ina maana ruhusa haijafika au imekwisha. E48-32 ni tatizo la mawimbi, kwa hiyo angalia dishi na waya kabla hujagombana na mtu wa malipo.

Ruhusa hiyo hufuata mipaka ya nchi, kwa sababu haki za matangazo huuzwa kwa nchi au kwa kanda. Karen Murphy, mwenye baa huko Portsmouth, aliupima mpaka huo. Alitumia kadi ya Ugiriki, iliyokuwa rahisi kuliko ya kwao, kuwaonyesha wateja mechi, akashtakiwa na kutozwa faini. Alikata rufaa hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo Oktoba 2011 iliamua kwamba kuzuia kadi ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya isitumike katika nyingine kunakiuka uhuru wa biashara wa Umoja huo. Mwaka 2012 hatia yake ilifutwa. Hata hivyo mahakama ilisema nembo, wimbo wa ligi na michoro ya kwenye skrini vina mwenyewe, na kuvionyesha baani kunahitaji idhini yake. Hukumu hiyo haimlindi anayevusha king'amuzi kutoka nchi moja ya Afrika kwenda nyingine. Hata kwetu, kifurushi cha nyumbani hakimpi mwenye kibanda umiza ruhusa ya kutoza kiingilio.

Tanzania mgawanyo wa haki unaonekana sebuleni. Simba na Yanga wako Azam, ambayo mwaka 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 na TFF. Ligi ya England iko SuperSport, ndani ya DStv. Anayetaka zote hulipa mara mbili, na kwa maoni yangu huo ni mzigo mzito kwa familia ya kipato cha kawaida. Kabla ya kulipia kifurushi kikubwa, uliza chaneli gani hasa inaonyesha ligi yako msimu huu, kwani chaneli za michezo huhamishwa kutoka kifurushi kimoja hadi kingine.

Basi televisheni ya pili chumbani? Kwa kawaida malipo ya mwezi hufungua king'amuzi kimoja tu. DStv wana XtraView, inayounganisha king'amuzi kikuu na cha ziada chini ya akaunti moja kwa ada ndogo ya mwezi, na kila kimoja kinaangalia chaneli yake. Katika mfumo wa waya, kile cha ziada hupokea ishara ya mara kwa mara kutoka kwa kikuu kama uthibitisho kwamba viko nyumba moja. Kwa hiyo ukimpelekea kaka yako mtaa wa pili, dishi lake litapata mawimbi safi, lakini king'amuzi kitagoma kwa kukosa ishara ile. Kwenye simu pia kumekuwa na kikomo: Machi 2022 DStv ilianza kuruhusu kifaa kimoja tu kuangalia matangazo mubashara mtandaoni kwa wakati mmoja.