Mfuko Usiokuwepo: Gharama ya Kuishiwa Chakula cha Kuku Dukani

Gharama ya kuishiwa bidhaa haiandikwi kwenye leja. Mfuko ulioliwa na panya huonekana, na riba ya mkopo hukatwa kila mwezi, lakini mteja aliyeuliza bidhaa akaambiwa imekwisha haachi risiti. Ndiyo maana wenye maduka wengi huamua kiasi cha kuweka stoo kwa kutazama upande mmoja tu, ule wa fedha zinazolala kwenye mzigo. Upande wa pili nao unakadirika, na una sehemu mbili: faida ya mauzo yaliyopotea siku ile, na faida ya mauzo ya baadaye ya mteja ambaye hakurudi tena. Sehemu hizo zikishajulikana, lengo la huduma, yaani ni mara ngapi duka likubali kuishiwa, hupatikana kwa hesabu.

Chakula cha kuku wa mayai kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko bidhaa nyingi. Kuku mmoja anayetaga hula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo mfugaji mwenye kuku 120 humaliza karibu kilo 97 kwa wiki, sawa na mifuko 2 ya kilo 50. Kuku hawasubiri lori. Wakikosa chakula siku moja au mbili, utagaji hushuka, na kuurudisha huchukua muda. Mfugaji aliyekuta duka tupu hana budi kununua kwingine siku hiyo hiyo. Hapo ndipo hasara ya pili inapoanza, kwa sababu kubadilisha chakula ghafla nako huvuruga utagaji. Kuku wakishazoea chakula cha duka la pili, mfugaji mwangalifu haoni sababu ya kuwayumbisha tena kwa kurudi duka la kwanza. Uangalifu uleule uliomfanya awe mteja wa kudumu ndio unaomweka huko alikokwenda.

Chukua duka la mfano la pembejeo za mifugo, lililo katika mji wenye maduka mengine mawili ya aina hiyo. Lori la kiwanda huja kila Jumatatu. Duka hununua mfuko kwa shilingi 55,000 na kupata faida ghafi ya shilingi 3,000, yaani bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia na ujira wa kushusha mzigo. Kodi ya pango na mshahara wa muuzaji havitolewi hapa, maana vitalipwa vilevile mfuko uuzwe au usiuzwe. Kosa la kuvitoa ni la kawaida, na huifanya hasara ya kuishiwa ionekane ndogo kuliko ilivyo.

Kazi ya kwanza ni daftari la waliokosa. Kila mteja anayeulizia bidhaa iliyokwisha, awe amefika au amepiga simu, huandikwa jina, idadi ya mifuko aliyotaka na alichoamua kufanya. Simu zisisahaulike: wafugaji wengi huuliza kwanza kabla ya kumtuma mtu wa bodaboda, na daftari linaloandika waliofika tu hukosa sehemu kubwa ya hasara. Katika duka la mfano, wateja 40 wameandikwa kwa miezi michache. Kati yao, 10 walikuwa na akiba nyumbani, wakasubiri mzigo ufike. Wengine 6 walichukua chakula cha kiwanda kingine kilichokuwepo dukani, chenye faida ileile. Waliobaki, 24, waliondoka kununua kwingine.

Ni hao 24 tu waliopoteza mauzo ya siku ile. Kuwahesabu wote 40 ni kuzidisha hasara, kwani fedha ya aliyesubiri imechelewa tu, haikupotea. Kwa kuwa kila mteja hutaka mifuko 2, faida iliyopotea ni 24 mara 2 mara 3,000, yaani shilingi 144,000. Ikigawanywa kwa mifuko yote 80 iliyokosekana, kila mfuko uliokosekana umegharimu shilingi 1,800 za faida ya papo hapo.

Mgawanyo huu haufai kuazimwa kutoka biashara nyingine. Mwaka 2002 Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj walikusanya tafiti za maduka ya bidhaa za nyumbani katika nchi mbalimbali, wakapata kwamba kwa wastani asilimia 31 ya wanunuzi waliokosa bidhaa waliinunua duka jingine, na asilimia 15 waliahirisha ununuzi. Dawa ya meno yaweza kungoja hadi kesho, na mnunuzi anaweza kubadilisha aina bila madhara. Chakula cha kuku hakina uhuru huo, na daftari la duka lenyewe ndilo linaloweza kusema hivyo.

Sehemu ya pili inahitaji subira. Baada ya wiki nne, majina ya wale 40 hufuatiliwa kwenye rekodi za mauzo. Kwenye mfano huu, 9 hawakuonekana tena. Ni rahisi kutamka kwamba duka limepoteza wateja 9, lakini si kweli. Wafugaji huacha kununua kwa sababu nyingine pia: kuku wamezeeka wakauzwa, ugonjwa umepita bandani, familia imehama. Kwa hiyo lazima pawe na kundi la kulinganisha, wateja wengine 40 wa ukubwa uleule ambao wiki zilezile walikuta mzigo na kuhudumiwa. Kati ya hao, 3 nao hawakurudi. Tofauti, watu 6 kati ya 40, yaani asilimia 15, ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa imetokana na kuishiwa.

Sasa mteja mmoja aliyepotea ana thamani gani? Hapa maisha ya kuku yenyewe yanatoa kipimo. Kuku wa mayai huanza kutaga wakiwa na takriban wiki 18 hadi 20, na wafugaji wengi huwauza wakifikia wiki 72 hadi 80. Chakula cha utagaji hununuliwa basi kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mteja anaweza kuwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa mwaka huo, kwa hiyo kwa wastani amebakiwa na wiki 26. Kwa tahadhari, duka la mfano linahesabu wiki 20 tu, kwa kuwa baadhi ya waliopotea watarudi, na shilingi ya miezi sita ijayo haina thamani ya shilingi ya leo. Wiki 20 mara mifuko 2 mara shilingi 3,000 ni shilingi 120,000. Asilimia 15 yake ni shilingi 18,000 kwa kila mteja aliyekuta duka tupu, au shilingi 9,000 kwa kila mfuko uliokosekana.

Jumla, basi, ni shilingi 10,800 kwa mfuko: 1,800 za papo hapo na 9,000 za baadaye. Hasara isiyoonekana ni mara tano ya ile ambayo mwenye duka angeweza kuikisia mwenyewe.

Upande wa pili wa mizani ni gharama ya mfuko uliobaki hadi lori la wiki inayofuata. Mtaji wa shilingi 55,000 uliokopwa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi hugharimu karibu shilingi 400 kwa wiki. Panya, ukungu na mifuko inayopasuka vikadiriwe shilingi 200. Jumla ni shilingi 600.

Kanuni ya kuunganisha pande hizi ni kongwe. Mwaka 1888 mchumi Francis Edgeworth aliitumia kufikiria ni akiba gani ya fedha benki iweke ili iwalipe wateja wanaokuja kuchukua amana zao. Mfuko mmoja zaidi unafaa kuongezwa maadamu hasara inayotarajiwa kuepukwa inazidi gharama inayotarajiwa kuongezwa. Mahali pazuri pa kusimama ni pale ambapo sehemu ya wiki zisizo na upungufu inalingana na gharama ya kukosa ikigawanywa kwa jumla ya gharama ya kukosa na gharama ya kubaki:

10,800 ÷ (10,800 + 600) = 0.947

Duka hili lilenge kumaliza takriban wiki 95 kati ya 100 bila kuishiwa. Kama lingehesabu faida ya papo hapo peke yake, 1,800 ingegawanywa kwa 2,400, na lengo lingekuwa wiki 75 kati ya 100. Wateja wasiorudi ndio wanaoleta tofauti hiyo yote.

Kugeuza lengo kuwa mifuko hakuhitaji zaidi ya rekodi za wiki 50. Kinachoandikwa ni mifuko iliyotakiwa, wala si iliyouzwa tu, kwani wiki ambayo mzigo uliisha Alhamisi mauzo yake hayasemi wangapi wangenunua Ijumaa na Jumamosi. Wiki hizo hupangwa kuanzia yenye mahitaji madogo hadi makubwa. Katika mfano, wastani ni mifuko 60. Wiki ya 38 katika mpangilio, inayolingana na asilimia 75, ilitaka mifuko 68. Na ya 48, inayolingana na asilimia 95, ilitaka 79. Kila Jumatatu lori likishaondoka, stoo iwe na mifuko 79 badala ya 68. Mifuko 11 ya nyongeza ndiyo bei ya kuwashika wateja, na kwa gharama zilizotajwa inajilipa yenyewe.

Malengo mawili huchanganywa hapa mara kwa mara. Kumaliza wiki 75 kati ya 100 bila upungufu si sawa na kuhudumia asilimia 75 ya mifuko. Katika wiki mbaya hukosekana mifuko michache tu, kwa hiyo duka lenye mifuko 68 bado huhudumia karibu asilimia 97 ya mahitaji yote. Mwenye duka akisikia asilimia 97 huridhika, ilhali wiki moja kati ya nne kuna mtu anayerudishwa mikono mitupu.

Udhaifu mkubwa wa hesabu hii ni ile asilimia 15. Watu 9 dhidi ya 3, katika makundi ya watu 40, ni wachache, na sehemu ya tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu. Njia ya uaminifu ni kurudia hesabu kwa nusu ya kiwango hicho. Gharama ya kukosa inashuka hadi shilingi 6,300, na lengo linakuwa asilimia 91. Hilo linatuliza: hata kosa kubwa kwenye makadirio linasogeza lengo kidogo tu, na halilifikishi popote karibu na 75.

Lengo la bidhaa moja halihamishiwi nyingine. Chombo cha kunyweshea kuku hununuliwa mara chache, na aliyekikosa hana sababu ya kuhama duka. Chanjo ya kideri ikipita tarehe hutupwa, hivyo gharama ya kubaki si shilingi mia chache tena, ni bei nzima ya chupa, na lengo lake hushuka isipokuwa kama wafugaji wameagiza mapema. Kwa chakula chenyewe pia, kiwanda kikikwama na maduka yote matatu ya mji yakawa matupu, mfugaji hana pa kuhamia. Wiki za namna hiyo zitolewe kwenye daftari kabla ya kukadiria wangapi hawakurudi. Duka la nne likifunguliwa jirani, majina mapya 40 yakusanywe.